Nina PCOS, nimeanza kreatini, sasa kipimo cha figo kimetoka na alama nyekundu. Niache?

Kiuno91 · Jumatatu, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Huwa napita humu kusoma tu, leo yamenifika.

Nina miaka 31, PCOS niliambiwa miaka sita iliyopita. Hedhi yangu haina adabu, inaweza kukaa siku 50 ndipo ije. Usugu wa insulini ninao pia, kwa hiyo natumia metfomini miligramu 500 mara tatu kwa siku. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari, ya mwisho ilikuwa 5.7.

Huu ni mwezi wa nne napiga vyuma mara tatu kwa wiki, na kwa mara ya kwanza maishani naona mwili unanisikiliza. Tatizo ni kwamba kwenye skwati nilifika kilo 42.5 kwa marudio matano, nikaganda hapo wiki tano. Kochi akanishauri kreatini. Akaniambia wiki ya kwanza nipige vijiko vinne kwa siku, kila kimoja na glasi kubwa ya juisi, baadaye nishuke hadi kimoja. Nikafanya hivyo siku sita.

Siku ya tisa ilikuwa zamu yangu ya vipimo vya kawaida vya metfomini. Majibu haya hapa: kreatinini 93, na karatasi inasema mwisho ni 84, pembeni pamewekwa H nyekundu. eGFR, ile namba ya uchujaji wa figo, 73. Miezi minne nyuma nilikuwa na 71 na eGFR 100. Daktari aliangalia kama dakika mbili, akasema acha metfomini, acha na hiyo poda, rudi baada ya mwezi.

Na mizani nayo imepanda kilo 1.9 ndani ya siku tisa. Mwenye PCOS anajua kilo 1.9 zinavyouma.

Nimeiharibu figo kwa siku tisa? Na metfomini niache kweli?

---

KochaBeka · saa 2:31 usiku

Dada, tulia. Kreatini na kreatinini ni vitu viwili tofauti kabisa, majina tu yamefanana ndiyo maana hospitalini wanachanganya. Kila mnyanyua vyuma hiyo namba iko juu. Wewe piga maji lita nne kwa siku, endelea na dozi, usirudi nyuma. Hizo kilo mbili ni maji tu.

---

BintiSegere · saa 2:40 usiku

Samahani kwa kudandia. Mimi nahangaika kupata mtoto mwaka wa pili sasa, nina PCOS pia. Kumbe kreatini inasaidia yai kupevuka? Inatumika siku ya ngapi ya mzunguko?

---

Kiuno91 · saa 2:44 usiku

@BintiSegere hapana shosti, mimi naitumia kwa ajili ya vyuma. Habari za yai sijazisikia popote.

---

MzeeWaDarubini · saa 3:20 usiku

Mdogo wangu Kiuno, nimekaa maabara miaka 16 na karatasi kama yako nimeitoa mara nyingi. Ngoja nianze na kocha, maana amesema nusu ya ukweli na hiyo nusu nyingine ndiyo inayokuhusu.

Si vitu tofauti kabisa. Kreatinini ni takataka inayotokana na kreatini. Mtu wa kilo 70 ana kama gramu 120 za kreatini mwilini, karibu yote ikiwa kwenye misuli, na kila siku asilimia 2 hivi inajigeuza yenyewe kuwa kreatinini, inaingia kwenye damu, figo zinaitoa. Ukijaza ghala, takataka inaongezeka kidogo. Figo inaweza kuwa inafanya kazi vilevile kama jana, ila mzigo umezidi, na namba kwenye damu inapanda.

Sasa hiyo eGFR. Watu wengi wanadhani kuna mashine imeipima figo ikasoma 73. Hakuna. Maabara imepima kreatinini peke yake, halafu kompyuta ikachukua 93, umri wako na jinsia yako, ikapiga hesabu. Hesabu hiyo inadhani wewe ni mwanamke wa kawaida mwenye misuli ya kawaida ambaye hajanywa poda yoyote. Ukiiwekea 71 inatoa 100, ukiiwekea 93 inatoa 73. Haijui kama ulikunywa vijiko vinne kwa siku.

Kwa hiyo kipimo hakijakosea, na daktari wako hajakosea kushtuka. Kilichokosekana ni taarifa. Ulimwambia kabla hajasoma majibu kwamba unatumia kreatini, au alijua baadaye?

Maswali mengine ninayohitaji: damu ilitolewa saa ngapi, jana yake ulifanya nini, na ulikula nini usiku?

---

Kiuno91 · saa 3:38 usiku

Mzee, alijua baadaye. Majibu yalikuwa mezani, akaniuliza kuna dawa mpya natumia, nikasema hapana ila kuna poda ya jimu.

Damu ilitolewa saa mbili asubuhi. Jana yake jioni ilikuwa siku ya miguu, skwati na dedilifti, na nilijikaza kuliko siku zote kwa sababu nilihisi nguvu. Usiku nikala nyama nyingi tu, si ndiyo tunaambiwa protini. Maji sikunywa asubuhi, nilidhani kufunga ni pamoja na maji.

---

MzeeWaDarubini · saa 3:46 usiku

Unaona? Mazoezi mazito ya jana yake yanapandisha. Nyama iliyopikwa inapandisha, kwa sababu moto wenyewe unaigeuza kreatini ya nyama kuwa kreatinini, unaimeza ikiwa tayari. Kukaukiwa maji kunapandisha. Na wewe ulikuwa umetoka tu kumaliza siku sita za gramu 20. Umeyapanga yote asubuhi moja.

---

SistaZamu · saa 4:05 usiku

Mzee namheshimu, ila naomba tusikimbilie kumtangazia mtu kwamba ni poda tu. Mimi ni muuguzi kliniki ya figo. Kreatini peke yake kwa kawaida huipandisha hiyo namba kidogo. Kutoka 71 hadi 93 ni ruka kubwa, na nimeshaona watu waliosema "ni kreatini tu" kumbe kuna jambo chini yake.

Dada Kiuno, nijibu haya bila aibu. Ulikunywa dawa za maumivu siku hizo? Mkojo ulibadilika rangi baada ya siku ya miguu, ukawa kama chai ya rangi? Presha yako ikoje? Una dawa nyingine ya PCOS, mfano spironolaktoni ya nywele za kidevuni?

---

Kiuno91 · saa 4:17 usiku

Sista umenishika pabaya. Ibuprofeni. Hedhi ilikuja siku hizohizo na tumbo lilinikata, nikanywa miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku tatu mfululizo, hadi usiku wa kuamkia kipimo. Sikuitaja kwa daktari kwa sababu kwangu hiyo si dawa, iko kwenye pochi muda wote.

Mkojo wa kawaida. Presha 118/76. Spironolaktoni situmii.

---

SistaZamu · saa 4:29 usiku

Basi huyo ndiye ningemwangalia kwanza kabla ya kreatini. Ibuprofeni na ndugu zake, diklofenaki wakiwemo, zinabana mshipa unaopeleka damu kwenye chujio la figo. Mtu mwenye afya na maji ya kutosha mara nyingi hahisi kitu. Mtu aliyekaukiwa, aliyetoka kujikamua jimu, figo yake inaweza kuchuja kidogo kweli kweli kwa siku kadhaa. Hapo namba inapanda kwa sababu kazi imepungua, na hiyo ni tofauti na anachoeleza Mzee, ambapo kazi iko palepale ila takataka zimezidi. Kwenye karatasi zote mbili zinaandikwa 93.

Wanawake wenye PCOS nawaona wengi, hedhi ikichelewa ikaja inakuja na hasira, na ibuprofeni zinanyweka kama pipi. Hilo lina uzito kwangu kuliko kopo la poda.

---

KochaBeka · saa 4:33 usiku

Sawa nimekubali kwenye hilo la kreatinini. Ila mnavyomtisha ataacha vyuma. Na kitu kimoja hamkisemi: kreatini inatibu usugu wa insulini. Kuna utafiti. Mimi nina mteja aliyeacha metfomini kabisa.

---

MzeeWaDarubini · Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Beka, huo utafiti naujua, ulifanyika Brazili, ukachapishwa 2011. Watu 25 wenye kisukari aina ya 2, wote wakafundishwa mazoezi kwa wiki 12, nusu yao wakipewa kreatini gramu 5 kwa siku na nusu poda isiyo na kitu. Waliopewa kreatini HbA1c yao ilishuka kutoka 7.4 hadi 6.4. Wengine walibaki palepale walipoanzia. Walipochungulia misuli wakakuta kwa wenye kreatini ile milango ya kuingizia sukari, GLUT4, inajitokeza zaidi kwenye ukuta wa seli.

Ni matokeo mazuri, sikatai. Lakini tazama ni nani waliopimwa. Ni wenye kisukari kamili, na walikuwa wachache. Dada yetu ana HbA1c ya 5.7, anatumia metfomini, na shida yake imefungamana na ovari. Huwezi kuchukua matokeo yale ukayavisha kwake kama nguo ya dukani. Na kwa watu wenye afya, kreatini bila mazoezi haijaonyesha kusogeza usikivu wa insulini.

Ninavyoielewa mimi: kinachofungua milango ya sukari ni msuli unaofanya kazi. Kreatini inakupa marudio mawili zaidi kabla hujaishiwa pumzi ya msuli, wiki hadi wiki yale mawili yanakuwa kilo kwenye chuma, na chuma ndicho kinachokuza msuli unaokula sukari. Anayeacha metfomini kwa sababu ya kopo la poda ameruka ngazi zote hizo akatua chini.

Halafu ile juisi! Nani aliyekuambia glasi nne za juisi kwa mtu mwenye usugu wa insulini?

---

KochaBeka · saa 1:02 asubuhi

Mzee, juisi inapandisha insulini, insulini inasukuma kreatini ndani ya msuli. Hiyo ipo kwenye vitabu.

---

MzeeWaDarubini · saa 1:15 asubuhi

Ipo, ya mwaka 1996, na kila gramu 5 za kreatini zilipewa gramu 90 na ushee za wanga. Zidisha kwa nne. Ni zaidi ya gramu 360 za wanga kwa siku juu ya chakula chake, kwa mtu ambaye insulini yake tayari iko juu muda wote na ndiyo inayoziamsha ovari zitoe homoni za kiume. Ghala la kreatini linajaa lenyewe hata bila juisi. Ukinywa gramu 3 hadi 5 kwa siku bila ule mwanzo wa fujo, ndani ya wiki tatu au nne umefika mahali palepale. Koroga kwenye maji, kunywa na mlo, imeisha. Aliyekuwa anakimbilia mashindano ya wiki ijayo ndiye angehitaji gramu 20 kwa siku.

---

KitanaChangu · saa 3:48 asubuhi

Mimi mbona hamzungumzii nywele? Nina PCOS, paja limeota nywele na kichwa kinapukutika, Mungu ana utani wake. Nilianza kreatini mwezi wa pili, mwezi wa nne nywele za utosini zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikaambiwa kreatini inapandisha DHT, ile homoni ya kiume. Nikatupa kopo zima.

---

MzeeWaDarubini · saa 4:30 asubuhi

Habari hiyo chimbuko lake ni vijana 20 wa raga, Afrika Kusini, 2009. Baada ya siku saba za dozi kubwa DHT ilipanda zaidi ya nusu. Nywele hazikuhesabiwa hata moja. Mwaka 2025 wengine wakazihesabu, wanaume tena, wiki 12 za gramu 5 kwa siku, hawakuona tofauti ya DHT wala ya nywele.

---

KitanaChangu · saa 4:41 asubuhi

Wanaume, wanaume. Mwanaume DHT yake ni bahari, ukimwagia ndoo haionekani. Mimi niliye na PCOS kikombe kimoja kinaonekana. Nani amepima kwa mwanamke kama mimi?

---

SistaZamu · saa 5:03 asubuhi

Swali lako ni halali na jibu la raga halikutoshi. Ila dada, ulibadilisha kitu kingine miezi hiyo? Nywele hazipukutiki papo kwa papo, zinachelewa miezi miwili mitatu baada ya tukio. Ukiacha vidonge vya mpango, ukipungua kilo nyingi kwa haraka, au chuma cha damu kikishuka, unaona baadaye.

---

KitanaChangu · saa 5:10 asubuhi

Niliacha vidonge vya mpango mwezi wa kwanza. Lakini bado nasema ni poda.

---

Kiuno91 · saa 7:25 mchana

Jamani narudi kwenye langu. Nimeelewa kwamba 93 inaweza kuwa imesababishwa na vitu vitano kwa pamoja. Sasa nifanye nini kesho asubuhi? Metfomini nimeiruka tangu jana na tayari naona ile njaa ya saa kumi imerudi.

---

SistaZamu · saa 7:52 mchana

Metfomini mrudie daktari leo au kesho, usisubiri mwezi. Mwambie mambo matatu ambayo hakuyajua: ibuprofeni siku tatu, kreatini gramu 20 siku sita, na miguu jana yake. Halafu muulize kwa heshima kama kwa eGFR 73 kuna sababu ya kuisimamisha. Mipaka ya metfomini ninayoifahamu mimi ni hii: chini ya 30 haitumiki, kati ya 30 na 45 haianzishwi upya, na aliyekwishaianza anapunguziwa na kuangaliwa kwa karibu. 73 iko mbali na hapo. Lakini anayekujua ni yeye, huenda kuna kitu kwenye faili sijakiona, kwa hiyo usiirudishe kwa maneno ya mtandaoni.

Ibuprofeni weka pembeni kabisa hadi kipimo kirudiwe. Tumbo likikata tumia parasetamoli na chupa ya maji ya moto.

Kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Siku mbili kabla yake usipige vyuma vizito, usiku wake usile nyama, na asubuhi kunywa maji, kufunga ni chakula tu. Omba waongeze sistatini C. Hiyo inatoka kwenye seli zote za mwili, haijali misuli wala kopo lako. Omba pia mkojo uangaliwe albumini. Chujio likiwa limeumia, albumini huwa inavuja. Na potasiamu.

---

MzeeWaDarubini · saa 8:05 mchana

Nakubaliana na Sista kwa yote, naongeza mawili. Sistatini C nayo ina mitego yake, tezi ya shingo ikiwa na hitilafu inaisogeza, na dawa za steroidi pia, kwa hiyo kama una tezi sema. Na albumini ya mkojo usiipime siku moja baada ya jimu, mazoezi makali yanaivujisha kwa muda hata kwa mtu mzima wa afya.

Kama maabara yenu haina sistatini C, njia ya maskini ni kuacha kreatini wiki nne hadi sita, ghala lirudi lilivyokuwa, halafu kupima kreatinini tena. Kuacha siku mbili kabla ya kipimo, kama wengi wanavyofanya, hakulitoi ghala.

---

Kiuno91 · saa 8:20 mchana

Na kreatini yenyewe niache au niendelee wakati nasubiri?

---

SistaZamu · saa 8:34 mchana

Mimi ningesema acha hadi majibu yatoke. Hujapoteza kitu.

---

MzeeWaDarubini · saa 8:41 mchana

Hapo mimi na Sista tunaachana njia. Ukiacha kreatini na ibuprofeni kwa pamoja, namba ikashuka, hutajua nani alikuwa mkosaji, na mwaka mzima utabaki unaiogopa poda. Kama daktari ataridhia, ningeshuka hadi gramu 3, niache ibuprofeni tu, nipime na sistatini C. Lakini ni kama ataridhia.

---

NanaWaDumbeli · saa 1:15 usiku

Kuhusu mizani hakuna aliyekujibu vizuri, acha mimi niseme. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda kilo 2 wiki ya kwanza, nikalia bafuni. Yale maji yanaingia ndani ya msuli wenyewe, hayakai chini ya ngozi kama yale ya kabla ya hedhi. Kochi wangu alinipa futi ya fundi cherehani akaniambia mizani ifiche wiki sita. Kiuno usawa wa kitovu, kila Jumapili asubuhi kabla ya kula, na daftari la vyuma. Kiuno kikibaki au kikishuka huku vyuma vinapanda, hiyo kilo haina habari. Kiuno kikipanda sentimita 3 mwezi mzima, hapo usisingizie maji, angalia sahani. Jina lako lina kiuno, kwani sasa ni ngapi?

Tena, kile kijiko cha ndani ya kopo usikiamini. Mimi nilikiweka kwenye mizani ndogo ya jikoni: kikisawazishwa kwa kisu gramu 5, kikijazwa mlima karibu 8. Vijiko vyako vinne vya mlima si 20.

---

Kiuno91 · saa 1:31 usiku

Kiuno 91, na kilikuwa 91 kabla ya kopo. Na vijiko vyangu vilikuwa milima, ile ya kupigwa picha.

---

Kiuno91 · siku 24 baadaye, saa 12:50 jioni

Wakuu nimerudi na majibu, nimeahidi sitapotea.

Nilirudi kwa daktari kesho yake. Nilipomtajia ibuprofeni aliweka kalamu chini. Metfomini akairudisha siku hiyohiyo, kreatini akakubali gramu 3 iliyosawazishwa kwa kisu, na kipimo kirudiwe baada ya wiki tatu. Nilipumzika siku mbili, sikula nyama, maji nilikunywa.

Kreatinini 81. eGFR 86. Sistatini C 0.88, na kwa hiyo wakapiga hesabu ikaja 96. Albumini kwenye mkojo iko chini ya kiwango, potasiamu 4.3. Tezi ilipimwa, iko sawa.

Mizani imebaki kilo 1.3 juu. Kiuno 90. Skwati kilo 47.5 marudio matano, na la tano sikulilia.

---

SistaZamu · saa 1:22 jioni

Alhamdulillahi. Hizo 93 hadi 81, sehemu kubwa naipa ibuprofeni na maji.

---

MzeeWaDarubini · saa 1:30 jioni

Na mimi naipa dozi ya milima na siku ya miguu. Ila hatutaweza kumaliza ubishi huu, kwa sababu aliondoa vyote isipokuwa gramu 3. Ninachokiona bila ubishi ni pengo kati ya 86 na 96: kipimo kisichojali misuli kinakupa figo nzuri kuliko kile cha kreatinini. Hiyo 81 ifanye ndiyo kianzio chako kipya unapotumia kreatini. Siku ikija 95 tena wakati hujabadilisha dozi wala hujanywa dawa ya maumivu, usiseme ni poda. Rudi.

---

KochaBeka · saa 1:41 jioni

Juisi nimewakataza wateja wote wenye sukari. Lita nne bado nasimamia.

---

SistaZamu · saa 1:44 jioni

Lita nne za nini, Beka? Anywe kwa kiu yake, na zaidi kidogo siku ya jimu.

---

BintiSegere · saa 2:03 usiku

Na mimi bado sijajibiwa. Nikishika mimba niendelee nayo?

---

SistaZamu · saa 2:10 usiku

Mdogo wangu, wewe unatafuta mtoto, kwa hiyo hili lizungumze na daktari wako sasa kabla kipimo hakijaonyesha mistari miwili. Mimi nikiwa na mgonjwa anayetafuta mimba, kopo ningemwambia aliweke kabatini hadi atakapoelewana na daktari wake, ila vyuma vyepesi na metfomini yake asiviguse kwa uamuzi wake mwenyewe.

---

KitanaChangu · saa 2:26 usiku

Kiuno, nywele zako je? Usinifiche.

---

Kiuno91 · saa 2:33 usiku

Zipo. Ila nimeanza kuzihesabu kwenye kitana kwa sababu yako: jana 61, leo 48. Nikifika mwezi wa tatu nitakuja kusema. Na juu ya fomu ya maabara daktari ameandika kwa wino mwekundu, "anatumia kreatini gramu 3".